Nyumba imeingia maji au imeungua: livu ya kurekebisha unaiombaje, na ushahidi gani unatosha

Nianze na jibu lenyewe manake ndo watu wengi wanalitafuta: kwa sheria ya Kenya hakuna livu inayoitwa livu ya mafuriko, wala livu ya moto. Ukiisoma Sheria ya Ajira ya 2007 utakuta livu ya mwaka, ya ugonjwa, ya uzazi kwa mama na ya baba, na ya mtu anayeasili mtoto, basi. Nyumba yako ikijaa maji usiku ama jirani akiwasha jiko na makuti yakashika moto mpaka kwako, sheria haisemi bosi akupe siku ngapi, na ndo maana huyu anapewa wiki nzima na yule wa kampuni ya jirani anaambiwa arudi kazini kesho.

Lakini haimaanishi uko mikono mitupu. Kuna maneno machache kwenye kifungu cha 44, kile kinachoorodhesha makosa makubwa ambayo mtu anaweza kufutwa papo hapo, na kosa la kwanza pale ni kukosa kazini bila ruhusa "au sababu nyingine halali". Hayo maneno ya mwisho ndo ya kushika. Kukosa kwenyewe sio kosa, kosa ni kukosa bila ruhusa na bila sababu halali. Sasa nyumba kuingia maji mpaka kiunoni ni sababu ambayo mtu yeyote mwenye akili ataielewa, shida ni kwamba sababu haijitetei yenyewe, lazima wewe uiweke mezani mapema na uwe na kitu cha kuonyesha. Mimi kwa vile nimeona hizi kesi zikienda, wanaoumia si wale waliopata hasara kubwa zaidi, ni wale walionyamaza siku 3 wakifikiri bosi atajua tu manake mafuriko yalikuwa kwenye habari. Masika ya 2024 yalikuwa kwenye habari kila siku, Mathare, Mai Mahiu, Kitengela, Tana River, na bado mtu wa ofisi hawezi kujua kwamba nyumba yako wewe ndo ilikuwa upande ule wa mto.

Basi siku zenyewe unazitoa wapi. Ya kwanza na ya maana ni livu yako ya mwaka. Kifungu cha 28 kinampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi kwa kila miezi 12, na malipo kamili, na hesabu yake kwa mwezi ni siku 1.75. Kitu ambacho watu hawakijui ni kwamba kifungu hichohicho kinaruhusu livu kugawanywa vipandevipande, mwajiri na mfanyakazi wakikubaliana. Kuna sharti hapo: kama hamjakubaliana vingine, kipande kimoja kiwe angalau wiki 2 za kazi mfululizo, na lengo lake ni mtu apumzike kikweli. Kwa hiyo ukitaka kuitumia livu yote kwa vipande vya siku 2, 3, weka makubaliano hayo kwa maandishi ili mwisho wa mwaka kusiwe na maneno. Na kama hujamaliza mwaka wa kwanza, sheria inasema livu ni baada ya miezi 12, kwa hiyo kuchukua siku ulizokwisha kuzichuma kabla ya hapo ni jambo la kuomba, si la kudai.

Ya pili ni ile inayoitwa livu ya huruma. Hii haiko kwenye Sheria ya Ajira, iko kwenye mikataba ya vyama vya wafanyakazi, kwenye vitabu vya kanuni za kampuni, na kwenye baadhi ya amri za mishahara za sekta. Mara nyingi inafanya kazi hivi: unapewa siku ulizokwisha kuchuma kisha zinakatwa kwenye livu ya mwaka, na juu yake unaweza kuongezewa siku chache bila malipo, nyingi zinasema 5 kwa mwaka. Soma maneno yake vizuri kabla hujaenda kuomba. Kanuni nyingi zinataja kifo na ugonjwa wa jamaa peke yake, nyingine zinasema "dharura ya familia", na hapo ndo nyumba inaingia. Ya tatu ni ruhusa bila malipo ambayo ni makubaliano yenu tu.

Nimeiacha livu ya ugonjwa makusudi. Najua kishawishi kipo, manake sheria inatoa siku 7 na mshahara kamili na 7 nusu mshahara, na mtu anajua daktari wa mtaani atakayemuandikia karatasi. Usifanye. Siku picha zako zikionekana watsapu uko na jembe unachota tope, hiyo karatasi inakuwa udanganyifu, na kesi yako ambayo ilikuwa ya huruma inageuka kesi ya uaminifu, hapo hata chama chako kitashindwa pa kushika.

Sasa tuje kwenye ushahidi, na hapa nitakaa kidogo. Mwajiri ana haki ya kuuliza, na maswali yake ya kweli ni matatu tu: unaishi hapo? Kitu gani kilitokea na lini? Na kwa nini lazima uwe nyumbani siku hizo unazoomba, si mtu mwingine? Karatasi yoyote isiyojibu moja kati ya hayo ni mzigo. Nimeona mtu akituma picha 40 za vyombo vilivyoharibika kwa supavaiza, na hakuna hata moja inayoonyesha tarehe wala inayosema nyumba ni ya nani. Supavaiza anabaki na huruma lakini hana cha kupeleka kwa meneja.

Swali la kuishi hapo linawatesa sana watu wetu wa pwani, kwa sababu Mombasa nyumba nyingi ni zile za nyumba bila ardhi, unamiliki kuta na paa lakini kiwanja ni cha mtu mwingine na unamlipa kodi ya ardhi. Mtu akiambiwa lete hati anaishiwa nguvu. Huhitaji hati ya kiwanja kuomba ruhusa kazini. Bili ya stima ama ya maji yenye mahali pako inatosha, risiti ya kodi inatosha, ujumbe wa M-Pesa wa kumlipa mwenye nyumba unatosha, na kama huna hata hivyo basi barua ya chifu au naibu wa chifu, ambayo ina faida ya kujibu maswali mawili kwa mpigo: kwamba wewe ni mkaazi wa hapo na kwamba eneo lilikumbwa na maji tarehe fulani.

Kwa mafuriko hiyo barua ya chifu na picha mbili tatu zinamaliza kazi. Picha ya maana zaidi si ya makochi yanayoelea. Maji yakishapungua, piga picha ya ule mstari wa tope uliobaki ukutani, na mlango au soketi iwe ndani ya picha ili mtu aone ulifika wapi. Mstari huo ukiwa juu ya soketi, hakuna atakayekuuliza kwa nini unahitaji fundi wa stima. Polisi unawahitaji kwenye mafuriko kama umepoteza vitambulisho ama vyeti, manake bila abstrakti ya polisi kuvipata tena ni shida.

Kwa moto ni tofauti kidogo, polisi wanaingia tangu mwanzo. Unaripoti kituoni, tukio linaandikwa kwenye kitabu na unapewa namba ya OB, halafu abstrakti inafuata. Zimamoto wa kaunti nao wana ripoti yao lakini inaweza kuchukua muda, na bima wataitaka, ila wewe usiingoje ndo uongee na bosi. Mpe namba ya OB siku hiyohiyo, umwambie ripoti itafuata ikitoka. Hakikisha tarehe unayosema kwenye barua yako inalingana na ile ya OB. Moto ukishika saa 5 usiku wa Jumatatu na wewe ukaripoti Jumatano, OB itabeba tarehe ya Jumatano, na mtu asiyejua atadhani umedanganya, kwa hiyo eleza kwa sentensi moja: moto ulikuwa Jumatatu usiku, niliripoti Jumatano baada ya kuwahamisha watoto.

Swali la tatu, la kwa nini lazima uwepo, ndo watu wengi wanaliruka na ndo linaloamua unapewa siku ngapi. "Naomba siku za kurekebisha nyumba" ni maneno mapana sana. Lakini ukisema Jumatano fundi wa stima anakuja kufungua soketi zote, na Ijumaa asesa wa bima anakuja kukagua na amesema nisiguse kitu kabla hajafika, hapo meneja anaona kazi yenye mwanzo na mwisho. Koteshoni ya fundi inasaidia sana hapa, si kwa ajili ya bei, ni kwa ajili ya siku. Mwambie fundi aandike kazi gani itachukua siku ngapi, hata kwa mkono, aweke namba yake ya simu.

Na hapa kuna jambo la ufundi ambalo linabadilisha kabisa namna ya kuomba livu. Nyumba iliyoingia maji hairekebishwi kwa mkupuo mmoja. Siku za kwanza ni za kutoa maji na tope, kutoa vitu nje, kubomoa plasta iliyolowa mpaka juu ya ule mstari na kuacha madirisha wazi. Baada ya hapo ukuta unatakiwa kukauka, na ukuta wa tofali au wa mawe unachukua wiki nyingi, sio siku, hata kama kwa nje unaonekana mkavu. Ukitaka kujua, chukua kipande cha nailoni ukibandike ukutani na selotepu pande zote, uache mpaka kesho yake, ukikuta matone nyuma yake basi maji bado yako ndani. Ukiona unga mweupe wa chumvi unatoka ukutani, hiyo pia ni dalili kwamba maji bado yanatoka. Ukipiga plasta na rangi kabla ya wakati, inavimba na kubanduka, umepoteza simiti na umepoteza livu. Kwa hiyo mtu anayeomba siku zake zote wiki ya kwanza anazitumia kukaa akiangalia ukuta unakauka, halafu wakati wa kazi yenyewe hana siku hata moja.

Tuchukue mfano na hesabu zake. Tuseme ni karani wa ghala Changamwe, anakaa Jomvu nyumba ya familia, anafanya kazi Jumatatu mpaka Jumamosi, mshahara 31,200 kwa mwezi. Amefanya miezi 8 tangu mwaka wake mpya wa livu uanze, kwa hiyo amechuma siku 14, ameshatumia 8, amebaki na 6. Maji yanaingia usiku wa kuamkia Jumanne.

Saa 12 asubuhi anatuma ujumbe kwa supavaiza, mfupi tu: nyumba imeingia maji usiku, niko salama na watoto, leo siwezi kufika, nitatuma barua kabla ya saa 8 mchana. Huo ujumbe wa asubuhi una uzito kuliko barua yenyewe, manake unaonyesha hakutoroka kazi. Kama simu imelowa, atumie ya jirani, ajitambulishe kwa jina na namba yake ya kazi, na baadaye ajitumie picha ya ule ujumbe.

Mchana anaenda kwa naibu wa chifu, anapata barua. Fundi anapita na kumwandikia: siku 3 kutoa tope na kubomoa plasta, siku 1 stima, kisha baada ya ukuta kukauka siku 3 za plasta na milango. Jumla siku 7. Yeye ana 6. Anaandika hivi:

"Kwa Meneja wa Wafanyakazi. Naomba ruhusa ya siku 7 kwa sababu nyumba ninayoishi Jomvu iliingia maji usiku wa kuamkia leo Jumanne, mpaka juu ya soketi. Naomba zigawanywe hivi: Jumanne hadi Alhamisi wiki hii kutoa tope, Jumatano ijayo siku 1 kwa ajili ya fundi wa stima, na siku 3 baada ya wiki 5 hivi ukuta ukikauka, tarehe nitaithibitisha wiki moja kabla. Naomba siku 6 zitoke kwenye livu yangu ya mwaka na 1 iwe bila malipo. Nimeambatisha barua ya naibu wa chifu, picha 2 na karatasi ya fundi. Nitarudi kazini Ijumaa asubuhi na napatikana kwa simu. Naomba jibu kwa maandishi. Asante."

Hiyo ndo barua nzima. Angalia alichofanya: hajaomba huruma peke yake, amempangia meneja ratiba, na meneja anajua Ijumaa ghala lina karani. Siku moja bila malipo itamgharimu kiasi gani? Kampuni yao inagawanya mshahara kwa siku 26 za kazi, kwa hiyo 31,200 kwa 26 ni shilingi 1,200. Kuna kampuni zinagawanya kwa 30, uliza mapema kabla hujashangaa kwenye hati ya mshahara. Na hata ukikosa bila ruhusa kabisa, kifungu cha 19 kinasema makato hayawezi kuzidi mshahara wa siku 1 kwa kila siku nzima uliyokosa, kwa hiyo yule anayekukata siku 2 kwa kukosa 1 anavunja sheria.

Mpangaji hali yake si hiyo. Kama nyumba ni ya kupanga, kurekebisha kuta na stima ni kazi ya mwenye nyumba, na bosi anaweza kukuuliza kwa haki kabisa kwani wewe unapaka plasta kwa nini. Wewe sababu yako ni kutoa vitu, kuwatafutia watoto pa kulala na pengine kuhama, na hizo ni siku 2, 3 tu mara nyingi. Omba kwa hiyo sababu ya kweli, uambatishe ujumbe wa mwenye nyumba au keateka unaosema nyumba haikaliki mpaka lini.

Kuhusu stima niseme kidogo manake ndo siku ambayo mabosi wanaikatalia sana, wanaona ni kitu cha kufanywa jioni. Soketi zikishazama usiwashe swichi kubwa hata kama kila kitu kimekauka kwa macho. Inatakiwa fundi mwenye leseni ya EPRA afungue, asafishe, apime waya kama zimeshika maji, na kama stima ilikatwa nje, watu wa Kenya Power ndo warudishe, na lazima kuwe na mtu mzima wa kuwafungulia. Hawaji kwa saa yako, wanakuja kwa saa yao. Mwambie meneja hivyohivyo.

Upande wa pili wa ushahidi ni kutotoa zaidi ya kinachohitajika. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka mwajiri akusanye habari zinazohusika na zinazotosha kwa jambo lenyewe, sio zaidi. Kwa hiyo hana sababu ya kuomba taarifa zako za benki, mkataba mzima wa kiwanja, vitambulisho vya mke na watoto, au picha za mtoto aliyeungua. Ukiombwa hivyo uliza kwa adabu vinahitajika kwa ajili gani, na utoe mbadala: siwezi kutoa hati ya familia lakini hii hapa barua ya chifu. Karatasi za bima pia, mpe ile inayoonyesha siku ya asesa, kiasi cha fidia hakimhusu.

Akikataa je? Livu ya mwaka mwajiri ana usemi kuhusu lini, huo ndo ukweli, na hakuna kifungu utakachomwonyesha cha kumlazimisha akupe siku za bure. Lakini mwambie aandike sababu, na umuulize kama kuna kitu katikati: siku 2 badala ya 3, kubadilishana zamu na mwenzako, kuingia usiku wiki hii. Ukibaki nyumbani bila jibu, utaletewa barua ya kujieleza, na hiyo usiidharau hata kidogo. Jibu ndani ya muda waliokupa, weka ule ujumbe wa saa 12 asubuhi, barua ya ombi, na zile karatasi tatu. Kabla ya kukufuta kwa kosa hilo lazima wakueleze kosa kwa lugha unayoielewa na wakusikilize, na kifungu cha 41 kinakupa haki ya kwenda na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama kwenye kile kikao. Wakikufuta bila kukusikiliza, nenda ofisi ya kazi ya kaunti, na ukumbuke mahakamani mwajiri ndo anayetakiwa kuthibitisha sababu ya kukufuta, na wewe una miaka 3 ya kufungua kesi.

Ile barua ya ruhusa ikishakubaliwa, kuna kitu kimoja kinabaki na watu wanakisahau: wiki ya nne karani wetu anabandika nailoni yake ukutani, anakuta bado kuna matone. Zile siku 3 haziwezi kuwa wiki ijayo. Aandike tena mistari miwili, kwamba ukuta haujakauka, anaomba zisogezwe wiki 2 mbele, na asubiri jibu kwa maandishi vilevile kama mara ya kwanza, manake ruhusa ya tarehe fulani haihami yenyewe kwenda tarehe nyingine.